Mstari wa Molly

Chepkurui alikuja kwangu kutafuta kazi ya kuosha nywele, nami nilimwajiri kwa sababu moja tu: mikono yake ilikuwa imezoea maji baridi. Miaka minne alikuwa amechuma majani ya chai kwa umande wa asubuhi, vidole vimeingia rangi ya kahawia ambayo sabuni haitoi. Wateja wangu wengi wana vidole vya aina hiyo, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Mimi naitwa Waceke. Wazazi wangu walihamia Londiani kulima viazi, na mimi nikashuka hadi Boito na mashine moja ya kukausha nywele pamoja na mdomo wangu. Mdomo ndio umenilisha zaidi. Nasema haya mapema ili mjue kwamba mimi si mtu wa kuona vitu. Nikisikia paka kwenye dari, nasema ni paka. Haya ninayoyasimulia niliyaona mchana, nikiwa nimekunywa chai na kushiba, na bado sina la kuyafanyia.

Saluni yangu ina kioo kimoja kikubwa, kimepasuka pembeni. Siku ya pili tu kazini, Chepkurui alijipiga picha mbele yake akaiweka kwenye Fesibuku. Chini ya picha akaandika kapsheni hii:

Mimi: Leo nimependeza.
Kioo: Nani alikuuliza?
Mimi: Hakuna.
Kioo: Hiyo ndiyo shida yako.

Nilicheka hadi nikamwaga dawa ya nywele. Kufikia saa kumi jioni watu mia mbili walikuwa wamecheka kama mimi, na wasichana watatu wakaja kusukwa ili tu waandikiwe kapsheni zao.

Mmoja wao, mwalimu wa chekechea, alikuwa amejiandikia tayari. "Mimi: Mimi ni mrembo. Kioo: Ndiyo, wewe ni mrembo sana, usiache mtu akuambie vingine." Chepkurui alisoma simu ya mwalimu akairudisha kwa adabu.

"Hicho si kioo," akasema. "Hicho ni mtu anataka umnunulie soda."

"Sasa niandike nini?"

"Kioo hakikubaliani na wewe, mwalimu. Kikikubali tu, mazungumzo yamekufa. Kioo kinajua kile hutaki kuulizwa." Akavuta stuli akaketi. "Leo hutaki kuulizwa nini?"

Mwalimu alishika shingo yake. Nilikuwa nimetoka kumkata nywele ndefu alizofuga miaka sita. "Kwa nini nimezikata," akasema polepole.

Chepkurui aliandika kwa dole gumba moja, akafuta, akaandika tena, kisha akamwonyesha:

Mimi: Nimezikata. Zilikuwa nzito.
Kioo: Nywele ama yeye?
Mimi: Piga picha twende.

Mwalimu aliitazama simu, macho yakamjaa maji, akaiweka ile kapsheni vilevile bila kubadilisha nukta.

Nilijifunza kazi hiyo kwa kuitazama. Mistari isizidi sita, kwa sababu Fesibuku hukata maneno na kuandika "soma zaidi", na mtu aliyekalia kiti cha boda boda hana muda wa kusoma zaidi. Kwa hiyo swali linalouma likae mstari wa kwanza au wa pili. Kila mmoja apate mstari wake, jina kwanza, halafu nukta mbili, ili msomaji asipotee. Usieleze kilicho kwenye picha, maana watu wana macho. Na ukishafika pale panapouma, nyamaza. Chepkurui alikuwa na tabia ya kufuta mstari wa mwisho. "Ule wa mwisho huwa ni woga," aliniambia. "Unaogopa hawajaelewa, unawaeleza, unaharibu."

Halafu kulikuwa na kapsheni za marafiki wawili, na hapo ndipo anapoingia Molly.

Molly na Chepkurui walikua pamoja, wakachuma pamoja, mstari kwa mstari, wakisengenya msimamizi juu ya majani. Juni ya mwaka jana Molly alisafiri kwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Siku moja kabla ya safari, alikuja saluni wakapiga picha nyingi sana, kwa shamba, kwa barabara, na moja kwenye kioo changu. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Agosti akapiga mara mbili tu, kisha akanyamaza. Ujumbe wa Chepkurui ukawa unabaki na tiki moja. Kakake Molly, Aron, alienda mara nne kwa ofisi iliyompeleka dada yake. Mara tatu akaambiwa angoje, mara ya nne akakuta mlango umefungwa na bango limeng'olewa.

Oktoba Chepkurui aliweka picha yao wawili wakiwa wamesimama katikati ya chai hadi kiunoni, na chini yake akaandika:

Chepkurui: Ulienda na sweta yangu.
Molly: Huku hakuna baridi.
Chepkurui: Basi irudishe.
Molly: Nikirudi.

Jina la Molly aliliunganisha na akaunti ya Molly mwenyewe, likageuka rangi ya samawati. Ukiligusa, unafika kwake. Nadhani alitumaini kwamba huko aliko simu italia na Molly aone anaitwa. Lakini watu hawakusoma hivyo. Waliandika chini: "Msalimie Molly." "Molly tuletee zawadi." "Kumbe mko mnaongea, asante Mungu."

Kapsheni ya namna hii mtu mmoja huandika pande zote mbili. Kila kijana anajua, ni mchezo, kama vile kila mtu anajua kioo hakiongei. Lakini mama yake Molly hakuwa kijana, na hakuwa na simu ya kuona picha. Yeye aliambiwa na jirani kwamba binti yake ameandika.

Alikuja saluni Jumatano, ametoka kupeleka majani kituoni, kikapu bado mgongoni. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akavua leso kichwani kana kwamba amekuja kusukwa, akamwambia Chepkurui, "Nisomee vile amesema."

Chepkurui alifungua mdomo. Nilimwona. Ukweli ulikuwa umefika kwenye meno. Na mimi nilikuwa nimesimama hapo na kitana mkononi, mwanamke mwenye mdomo mkubwa kuliko wote Boito, nikanyamaza. Tulimtazama yule mama akiwa kwenye kioo, uso wake umeinuliwa kama mtoto anayesubiri uji. Chepkurui akasoma.

"Huku hakuna baridi," Mama Molly akarudia. Akacheka kidogo, akapangusa pua. "Huyo ni yeye. Sweta hiyo si alikunyang'anya hata kabla aende?"

Tangu siku hiyo akawa anakuja kila Jumatano, na kila wiki Chepkurui akawa na mstari wa Molly. Nilimgombeza. Nilimwambia, "Msichana, njia ya mwongo ni fupi." Alinijibu, "Anti, wewe mwambie basi." Sikumwambia. Hilo nalibeba mimi, simpi mtu mwingine.

Picha zilikuwa kumi na moja. Kila wiki moja ilitumika. Januari zilibaki mbili, na ndipo mambo yalipoanza kunikosesha raha.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa umeteremka hadi mlangoni, hatukuona hata duka la ng'ambo. Hapakuwa na mteja. Chepkurui alikuwa akiandika ya wiki hiyo, na niliona hafuti kitu. Yeye aliyekuwa akifuta mara kumi kwa maneno manne, sasa dole gumba lilikuwa likienda tu.

"Siku hizi imekuwa rahisi," nikamwambia.

"Simfikirii tena," akasema. "Zamani nilikuwa najiuliza, Molly angesema nini hapa? Sasa nikiandika jina lake na nukta mbili, linakuja lenyewe." Akanipa simu. Aliongea kwa sauti ya chini. "Anti, soma hii."

Chepkurui: Unakula vizuri?
Molly: Nina baridi.

Basi. Mistari miwili. Nikamwambia, "Lakini ile ya kwanza ulisema huko hakuna baridi."

"Ndiyo nashangaa. Mimi sikutaka kuandika hivyo. Nilitaka kuandika kuhusu chakula."

"Basi badilisha."

"Nimebadilisha mara tatu. Nikirudi kusoma naona zile zingine ni uongo, hii peke yake ndiyo..." Hakumaliza. Alikumbuka, nadhani, sheria aliyomfundisha mwalimu wa chekechea: yule mwingine anajua kile wewe hutaki kuulizwa. Niligeuka kutazama kioo kwa sababu sikutaka kutazama uso wake, nikaona mvuke kama wa pumzi umekishika, kana kwamba umetoka ndani, pale kwenye ufa. Nikasema ni ukungu. Nikapangusa. Ulikuwa ukungu. Chepkurui akafuta mistari ile miwili, akaweka picha na utani fulani kuhusu wali, na Jumatano mama wa watu akacheka.

Ila siku hiyo hakuondoka. "Muulize anarudi lini," akasema. "Mke wa Aron ana mimba, atajifungua mwezi wa tatu. Nataka Molly ashike mtoto. Muulize."

Picha iliyobaki ilikuwa ile ya kioo changu. Mnajua mtu akijipiga kwenye kioo, simu humziba uso. Siku ile mwenye simu alikuwa Molly. Kwa hiyo Chepkurui anaonekana mzima, anacheka, na kando yake kuna mwili wa msichana wenye mkono ulioinuliwa, na mahali pa uso kuna simu nyeusi. Chepkurui alikuwa ameiacha ya mwisho makusudi. Haikumpendeza.

Alikaa nayo siku mbili. Ya kwanza aliyoandika aliniita niione kabla ya kuifuta, kwa sababu alitaka shahidi:

Chepkurui: Unarudi lini?
Molly: Nilishatoka huko.

Nikamwambia, "Futa. Futa sasa hivi." Akafuta. Akaketi kwenye stuli, akaandika nyingine, ile ambayo Boito nzima iliisoma:

Chepkurui: Mama anauliza unarudi lini.
Molly: Mvua ikianza.
Chepkurui: Tukupokee wapi?
Molly: Nyumbani. Msije barabarani.

"Mstari wa mwisho uondoe," nikamwambia. "Si wewe husema wa mwisho ni woga?"

"Huu si wangu," akasema, akaituma.

Mwaka huu kiangazi kilikuwa kirefu. Chai ilikauka juu ikawa nyekundu, wachumaji wakawa wanarudi na vikapu nusu, na kila mtu alikuwa akitazama mawingu kwa sababu zake. Mama Molly alikuwa na sababu mbili. Alipaka upya udongo wa chumba cha Molly. Akagandisha maziwa kwenye kibuyu, mursik ya kumpokea mtu, kibuyu kimesafishwa kwa mkaa wa mti kama inavyotakiwa. Nilipopita kwake niliona kitanda kimetandikwa. Nilirudi saluni nikamwambia Chepkurui kwamba wiki hii tunasema, hata kama ni kwa magoti. Akakubali. Tukapanga Jumatano.

Jumanne mvua ikaanza. Ilikuja na mawe, ikapiga mabati hadi hatukusikiana. Mke wa Aron alijifungua jioni hiyohiyo, mtoto msichana, na asubuhi tukaitwa: mtoto anapewa jina mchana, njooni.

Hapa nieleze kitu kwa wale ambao si Wakipsigis wa huku, kama mimi. Kanisani mtoto atabatizwa jina la Biblia, hiyo ni baadaye. Kwanza nyumbani wanawake wazee huketi na mtoto na kuwaita waliokufa wa ukoo wa baba, jina moja baada ya jingine, wakimsogezea ugoro kidogo puani. Jina litakalotajwa mtoto akipiga chafya, ndiye aliyerudi. Mchungaji anajua, na anajifanya hajui. Sharti ni moja, na hakuna Mkipsigis atakayelivunja hata akiwa amelewa: aliye hai haitwi. Kumwita ni kumzika.

Tulikuta wanawake saba wameketi sebuleni, mvua inanyesha nje. Nilikuwa nimebeba sukari na shali. Gogo, nyanya yake Aron, mwanamke mdogo sana mwenye masikio yaliyotobolewa na kuvutwa kizamani, alikuwa amempakata mtoto. Alianza kuita. Aliita bila haraka, majina ya kale, kisha yale ya ubatizo, maana siku hizi hata kwa waliokufa wamo kina Rebeka. Baada ya kila jina alingoja. Mtoto alikuwa macho. Hakulia. Alitazama juu ya bega la Gogo, upande wa mlango, kwa utulivu ambao mtoto wa siku moja hana.

Majina yakaisha. Gogo akachovya ugoro mwingine, akarudia yote tangu mwanzo. Mtoto hakukunja hata pua. Wanawake wakaanza kusogezasogeza miguu. Mimi nimeona watoto wakipiga chafya kwa vumbi la unga tu.

Gogo akaweka kichupa cha ugoro chini. "Kuna mtu tumesahau," akasema.

"Hakuna," Mama Molly akajibu haraka.

"Yuko. Mtoto anamngoja."

"Hakuna, mama." Sauti yake ilikuwa imepanda. "Mnaniangalia mimi kwa nini? Molly si wa kuitwa! Molly ameongea. Alisema mvua ikianza atakuja, na mvua imeanza, pengine yuko njiani saa hii. Chepkurui, waambie. Si ulikuwa unaandikiana na yeye? Waambie hawa!"

Kila mtu akageuka. Chepkurui alikuwa amesimama karibu na mlango, maji ya mvua yakimtiririka kwa sketi. Nilimshika mkono, na ulikuwa baridi kuliko siku zote za kuosha nywele. Nilidhani nitaongea mimi. Naapa nilidhani. Lakini alipiga magoti mbele ya yule mama.

"Mama, nisamehe. Maneno yale ni yangu. Yote. Tangu Agosti sijamsikia. Ni mimi nilikuwa naandika pande zote mbili, nikijifanya mimi ndiye Molly."

Mtoto akapiga chafya.

Mikono ya Gogo ilikuwa mitupu, mmoja chini ya kichwa cha mtoto, mwingine gotini. Ugoro ulikuwa sakafuni na kifuniko chake. Hakuna aliyeita. Chepkurui alikuwa ametaja jina tu, katikati ya kuungama, naye alipotambua alichofanya alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Nilingoja Mama Molly ampige. Angempiga nisingemzuia, na mimi ningepanga foleni nyuma. Yeye akanyoosha mikono, Gogo akampa mtoto.

"Nilikuambia umuulize anarudi lini," akasema bila kumtazama Chepkurui.

"Ndiyo, mama."

"Akasema mvua ikianza."

"Ni mimi nilisema, mama. Si yeye."

"Akasema tusiende barabarani. Nyumbani." Alimtazama mtoto usoni, akampangusa pua kwa kidole kilichopasuka kwa chai. "Mimi nimetandika kitanda. Nimegandisha maziwa. Na wewe umekuja hivi." Ndipo kilio kikamtoka, kilio cha msiba, na wanawake wote wakakipokea.

Mwezi wa tano Aron alipata barua kupitia watu wa serikali. Ilisema dada yake aliugua na kufariki Agosti, wiki ile ile aliyonyamaza, na kwamba kwa kukosa mtu wa kumuulizia alikuwa amelala kwenye chumba cha baridi cha hospitali miezi hiyo yote. Aron aliisoma saluni kwa sauti. Alipofika pale pa chumba cha baridi, mimi na Chepkurui hatukuthubutu kutazamana. Mistari ile miwili aliifuta Januari, na niliyeisoma ni mimi peke yangu.

Walimleta, akazikwa kando ya chai. Chepkurui aliacha kuandika. Wasichana walimbembeleza, hata mwalimu wa chekechea, akakataa.

Juzi Mama Molly aliingia na mtoto, Molly mdogo, mgongoni. Sasa ana miezi mitano, ana meno mawili, anapiga kelele kama mnada. Mama alimketisha kwenye kaunta mbele ya kioo, naye akaanza kukipiga kwa kiganja.

"Piga picha," akamwambia Chepkurui. "Halafu andika, vile ulikuwa unaandika."

"Mama, siwezi."

"Andika."

Chepkurui alipiga picha. Safari hii simu ilimziba uso yeye, na mtoto akaonekana mzima. Aliandika, akafuta, akaandika, kama zamani. Niliichungulia juu ya bega lake:

Chepkurui: Umefika salama?
Molly:

"Umesahau kumjibia," nikamwambia.

"Sijasahau, Anti. Sasa ana mdomo wake." Akaituma vile. "Nitangoja aongee."